Pampu ya Kisima Imeungua: Namna ya Kumweleza Mwenye Shamba Chanzo na Kinga Yake

Oktoba na Novemba ndiyo miezi ambayo simu za mafundi wa pampu hapa Dodoma hazipumziki. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili, mizabibu iliyopogolewa baada ya mavuno ya Agosti na Septemba inachipua, na kisima kirefu kinavutwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Pampu ikiungua kipindi hicho, kuitoa kisimani ni kazi ya siku moja. Kazi inayowashinda mafundi wengi ni ile inayofuata: kukaa na mwenye shamba na kumweleza kwa nini mashine ya mamilioni imekufa, na kwa nini mpya atakayonunua haitakufa vilevile.

Mwongozo huu unafuata kisa kimoja tangu mwanzo. Mteja ni mama mmoja, mtumishi anayeishi mjini, mwenye shamba la zabibu upande wa Hombolo. Shambani kuna msimamizi. Kisima kina kina cha mita 90, pampu ya kuzama imening'inizwa mita 66, na mota yake ni ya fezi tatu, kilowati 2.2. Jumatatu asubuhi breka ilikata na haikukubali kurudi.

Hatua ya 1: Jua unachokijua kabla ya kufungua mdomo

Usitoe chanzo kwa simu. Mteja akiuliza "ni nini?", mwambie umepima mota na koili zake zimeungua, na kwamba sababu utamweleza ukishaifungua pampu. Ukimtajia umeme leo na kesho ukamtajia maji, hata ukweli wako wa kesho hatauamini.

Kisha kusanya ushahidi. Katika kisa hiki ulikuwa mambo manne. Impela za plastiki, yaani mapanga yanayosukuma maji, zilikuwa zimeyeyuka na kushikamana na shafti. Koili za fezi zote tatu zilikuwa zimeungua kwa kulingana. Laiti fezi moja ingekatika, ungeziona baadhi nyeusi na nyingine bado safi. Maji kisimani, baada ya usiku mzima wa kutulia, yalikuwa mita 39 kutoka juu, ilhali ripoti ya upimaji wa kisima iliyofanywa mwezi wa Machi inaonyesha mita 31. Na ndani ya paneli kulikuwa na kipande cha waya kilichounganisha vituo viwili vya rilei ya sensa za maji, ile inayozima pampu maji yakishuka, yaani rilei ilidanganywa iamini kuwa maji yapo wakati wote.

Mambo hayo yakiwekwa pamoja yanasema pampu ilizunguka bila maji ya kutosha. Lakini kuna swali bado: je, maji yalifika kweli chini ya pampu? Mita 39 bado ni mbali na mita 66. Hapo ndipo wengi hurukia hitimisho. Tulishusha pampu ya majaribio, tukavuta lita 3,000 kwa saa, kiwango kilekile alichokuwa akivuta, huku tukipima kina kwa tepu yenye mlio. Baada ya saa nne maji yalikuwa mita 64 na bado yanashuka. Machi, kwa kiwango hichohicho, yalikuwa yametulia mita 52 baada ya saa 24. Sasa unayo habari ya kumpelekea mteja.

Kabla ya kwenda, gawa ulichonacho katika mafungu mawili kwenye karatasi: nilichokiona na kukipima, na ninachokadiria. Kwamba pampu ilikauka, umekiona. Kwamba mpasuko wa juu kwenye mwamba umepungua maji ndiyo maana kisima kinashuka haraka, hilo unakadiria. Maji mengi ya chini ya ardhi upande huu yamo kwenye mwamba uliooza na kwenye nyufa za mwamba mgumu, kwa hiyo makadirio hayo yana mantiki, lakini hukushuka kisimani ukayaona. Utakapozungumza, tumia "tumepima" kwa fungu la kwanza na "inaelekea" kwa la pili. Mtumishi aliyezoea kusoma taarifa ataisikia tofauti hiyo bila kuambiwa.

Hatua ya 2: Jibu kwanza swali lililomkesha usiku

Swali lake la kwanza ni maji yatatoka lini. Chanzo kinafuata nyuma. Ukianza na impela na rilei, atakusikiliza kwa heshima huku akihesabu miche.

"Shikamoo mama. Pampu ya muda inafanya kazi tangu jana jioni, shamba linapata maji ya kutosha kulinusuru kwa wiki mbili. Pampu mpya nitaifunga Alhamisi. Mota ya zamani inaweza kusukwa upya, ila upande wa pampu umeyeyuka, kwa hiyo kuisuka sikushauri. Sasa nikueleze kilichotokea."

Sentensi tano, basi. Ona kwamba gharama haijafichwa: ameshajua kuwa atanunua. Habari mbaya ikicheleweshwa hadi mwisho wa maelezo, maelezo yote yanageuka kuwa utangulizi wa kumwomba pesa.

Hatua ya 3: Simulia chanzo kwa mfuatano, kila kiungo kikivuta kingine

Maelezo mengi ya mafundi hushindwa kwa sababu ni orodha: maji yamepungua, sensa ilikuwa mbovu, mota imeungua, matumizi yameongezeka. Mteja anabaki na mambo manne yasiyoshikana na anachagua moja la kulaumu, mara nyingi lile la bei ndogo. Mpe mnyororo:

"Mama, mwaka jana shamba lilikuwa ekari mbili, pampu ikifanya kazi saa tano kwa siku. Mwaka huu ni ekari nne, kwa hiyo inafanya kazi saa kumi. Kisima hakijaongezeka. Kila siku tunachota zaidi ya kinachorudi usiku, na tangu Aprili hakuna mvua. Maji yameshuka taratibu hadi yakafika kwenye mdomo wa pampu. Hapo pampu ikaanza kunyonya hewa na maji kidogo kidogo. Mota ya aina hii hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake kwenda juu. Maji yalipoacha kupita, ikapata moto hadi ikaungua. Kulikuwa na kifaa cha kuizima kabla ya kufika huko, lakini kilikuwa kimefungwa kisifanye kazi."

Lisome kwa sauti kabla hujaenda. Hakuna neno hata moja linalohitaji kamusi, na hakuna lililo la uongo. Sitaki uelewe kwamba lugha rahisi ni lugha ya kupunguza ukweli. Ukisema tu "kisima kimekauka" umerahisisha, lakini umedanganya, na jioni atafungua bomba la pampu ya muda aone maji yanatoka.

Kisha ngoja. Atauliza, na maswali ya kisa cha namna hii yanajulikana.

*"Mbona mota ilikuwa ndani ya maji, ikaungua vipi?"* Hili huulizwa na mtu aliyesikiliza. Mota imefungwa chini ya pampu, kwa hiyo mdomo wa pampu ukikauka, mota bado imezama. Ila maji yanayoizunguka yamesimama. Ni kama sufuria ya maji jikoni: kuwa na maji haiizuii kuchemka.

*"Breka si ndiyo ya kulinda? Mbona haikukata mapema?"* Hapa usipite haraka, kwa sababu jibu linaenda kinyume na anavyofikiri kila mtu. Breka na kifaa cha ovalodi hukata umeme unapokuwa mwingi kupita kiasi. Pampu isiyo na maji haina mzigo wa kusukuma, kwa hiyo inakula umeme mdogo kuliko kawaida. Hii yake ilikuwa ikitumia ampea 5.8 ikisukuma maji. Ikiwa kavu inashuka kwenye 3 na kitu. Kwa macho ya breka, hiyo ni pampu iliyotulia. Ilikata Jumatatu kwa sababu koili zilikuwa zimeshaungua na kugusana. Mweleze kuwa breka haikuharibika, bali ililinda waya na paneli. Usipolisema hili wazi, atatoka hapo akanunue breka kubwa zaidi, na ameongeza hatari.

*"Jirani ana kisima mita mia mbili kutoka kwangu, chake kinatoa."* Hapa ndipo unapotumia lile fungu la makadirio. Visima vya huku hunywa kwenye nyufa, na nyufa hazigawani maji sawasawa. Inaelekea mpasuko wa juu wa kisima chake, uliokuwa ukichangia Machi, sasa unachangia kidogo. Mwambie hilo ni makadirio, na kwamba tiba haitegemei kama makadirio hayo ni sahihi, kwa sababu tiba imejengwa juu ya vipimo.

Hatua ya 4: Ule waya kwenye paneli

Hapa ndipo mazungumzo huharibika. Kuna mtu aliufunga. Msimamizi wa shamba amesimama pembeni, na mama anamtazama.

Nenda kwa msimamizi kwanza, peke yenu, kabla ya kikao. Muulize kwa upole ilikuwaje. Kwa kawaida hadithi ni hii, na ndivyo ilivyokuwa: Agosti pampu ilianza kujizima kila siku saa nane mchana. Akaitwa fundi wa karibu, akaona taa ya sensa inawaka, akapima waya, akasema sensa imekufa, akaiunganisha moja kwa moja "ili shamba lisife". Pampu ikaacha kujizima, kila mtu akafurahi.

Sensa ilikuwa nzima. Ilikuwa ikizima kwa sababu saa nane mchana maji yalikuwa yameshuka. Ilisema kweli kwa wiki kadhaa na hakuna aliyeisikia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuambiwa taa ile inamaanisha nini. Hicho ndicho chanzo cha kumpelekea mteja. Waya ni matokeo yake tu.

Mbele ya mama, sema tendo bila kuficha na bila kumtaja mtu: "Kifaa cha kuzuia pampu kukauka kiliunganishwa moja kwa moja mwezi wa Agosti, kwa sababu kilikuwa kikizima pampu mara kwa mara na ilidhaniwa kimeharibika. Kilikuwa sahihi. Mtu yeyote asiye na maelezo ya kile kifaa angefanya vilevile, na maelezo hayo hayakuwepo pale." Akikubana "nani?", mwambie msimamizi amekueleza kila kitu kwa ukweli, na ndiyo maana umeweza kujua tarehe. Hapo umemlinda mtu ambaye kesho ndiye atakayekupigia simu taa ikiwaka tena. Ukimwaibisha, atakayoiona mwakani atainyamazia.

Kama fundi aliyeunganisha alitoka kwenye duka lako, sema hivyo wewe mwenyewe, kabla hajaligundua.

Hatua ya 5: Kila kinga ionyeshe kiungo inachokikata

Usimpe orodha ya vifaa. Rudi kwenye mnyororo ule ule na uonyeshe unaukata wapi.

Kiungo cha kwanza ni maji kushuka kuliko kisima kinavyomudu. Tulijaribu pampu kwa lita 2,000 kwa saa, na baada ya saa 24 maji yalitulia mita 55, mita 11 juu ya mdomo wa pampu. Shamba linahitaji lita 30,000 kwa siku. Zamani zilivutwa kwa saa kumi za haraka. Sasa zitavutwa kwa saa kumi na tano za polepole, na kisima kinapumzika saa tisa. Vali inafungwa kwa kiwango hicho na mpini unaondolewa. Mwambie pia upande wa pili: pampu iliyobanwa kwa vali hutumia umeme zaidi kwa kila lita, kwa hiyo yuniti za LUKU zitapanda. Akiligundua mwenyewe mwezi ujao, ataona ulimficha.

Atauliza kwa nini pampu isishushwe tu zaidi, kisima si mita 90? Swali zuri, na jibu liko kwenye ripoti yake ya uchimbaji: bomba la chini lenye vitundu vya kuingizia maji linaanzia mita 70 hadi 82. Pampu ikikaa hapo, maji yatakuwa yakiingilia juu ya mota badala ya kupita ubavuni mwake, na itavuta mchanga. Kwa hiyo inabaki mita 66. Kuchimba zaidi au kisima kingine si uamuzi wa mimi na yeye peke yetu. Kunahitaji kibali, na kwa upande wa Hombolo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Kiungo cha pili ni pampu kuendelea kuzunguka ikiwa kavu. Sensa zinarudishwa: ya chini mita 62, inayozima, ya juu mita 50, inayoruhusu kuwaka tena maji yakishapanda. Juu yake tunaongeza kifaa kinachopima umeme ukipungua, kimewekwa ampea 4.4, kati ya ile 5.8 ya kazi na 3 ya ukavu. Vali ikibana mtiririko, ampea za kazi nazo hushuka kidogo, kwa hiyo kipimo hicho kiwekwe baada ya vali, kamwe si kabla. Walinzi wawili kwa sababu wanaona vitu viwili tofauti: mmoja anaona maji, mwingine anaona mzigo wa mota. Waya wa sensa ukiliwa na panya, wa pili bado yupo.

Kiungo cha tatu ni taa isiyoeleweka. Kibandiko ndani ya mlango wa paneli, kwa Kiswahili, kwa kalamu isiyofutika: "Taa nyekundu: maji kisimani yameshuka. Pampu ni nzima. Usiunganishe waya. Subiri, na upige simu." Na funguo ya paneli ikae kwa mtu mmoja anayejulikana. Ni kinga ya shilingi elfu chache, na kama ingekuwepo Agosti, nyingine zote zisingehitajika mwaka huu.

Hatua ya 6: Mwonyeshe

Maneno yana kikomo. Kabla ya kushusha sensa kisimani, ziweke ndani ya ndoo ya maji mbele yake, washa paneli, kisha mwambie mama mwenyewe azinyanyue. Kontakta, swichi inayowasha na kuzima pampu, italia "ta!" na taa nyekundu itawaka. Azirudishe majini, taa itazima. Msimamizi naye afanye. Baada ya hapo hutahitaji kueleza rilei ni nini.

Hatua ya 7: Andika ukurasa mmoja, na uweke kisichozuilika

Atakayoyasimulia nyumbani jioni ni nusu ya uliyosema, kwa hiyo mwachie karatasi, au picha ya karatasi kwenye simu yake. Ya kisa hiki ilisomeka hivi:

"Kilichotokea: Pampu iliungua kwa kuzunguka bila maji ya kutosha. Maji kisimani yalishuka kwa sababu ya matumizi kuongezeka maradufu katika kipindi cha ukame, na kifaa cha kuizima kilikuwa kimeunganishwa moja kwa moja tangu Agosti.

Tulichobadilisha: Pampu mpya, kiwango cha kuvuta kimepunguzwa hadi lita 2,000 kwa saa, sensa mbili za kina, kifaa cha umeme mdogo, ampea 4.4, kibandiko cha maelezo.

Ambacho hatuwezi kuzuia: Vifaa hivi vinalinda pampu, haviongezi maji. Mvua zikiwa haba, pampu itajizima mara kwa mara, na hapo itabidi kumwagilia sehemu tu ya shamba. Havilindi dhidi ya radi. Kinga ya radi ni kifaa kingine, bei yake imeandikwa nyuma.

Anachofanya msimamizi: Kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha, apime kina na kukiandika. Kikifika mita 45, apige simu siku hiyohiyo."

Sehemu ya tatu ndiyo mafundi huiogopa, wakidhani inaonyesha kazi nusu. Lakini neno "haitatokea tena" hulipwa kwa riba. Pampu ikijizima Desemba kabla mvua hazijakolea, mwenye karatasi hii atajua mlinzi yuko kazini. Asiye nayo atasema umemuuzia pampu mbovu, na atamwita fundi wa karibu.

Mita 45 haikutolewa hewani: kutoka maji yaliyotulia hadi yaliyovutwa kwa lita 2,000 kuna mteremko wa mita 16. Ukianza na 45 unafika 61, mita moja tu juu ya sensa ya kuzima. Mweleze msimamizi hesabu hiyo kwa kijiti na mchanga, si lazima kwa karatasi. Na mwambie asikazie macho namba peke yake: bomba likianza kutema hewa na matone ya mwisho wa mistari ya kumwagilia yakidhoofika, azime hata kama Jumamosi haijafika.

Weka tarehe ya kurudi kabla hujaondoka. Kwa kisima hiki ni wiki ya kwanza ya Desemba na tena mwishoni mwa Aprili, mvua zikiisha, ili maji yaliyotulia yapimwe mahali yalipopanda. Yakirudi karibu na mita 31, vali inaweza kufunguliwa kidogo. Yasiporudi, itabidi muongee kuhusu zile ekari mbili zilizoongezwa mwaka huu.